Ukumbi viti 150, na kila mtu anakuja na mdogo wake

Wiki iliyopita dada mmoja wa Masasi aliniandikia: "Dada, harusi yangu ni Desemba, ukumbi unaingia watu mia na ishirini, na kila ninayempa kadi ananiambia atakuja na mdogo wake. Nikikataa naonekana najidai. Nifanyeje?" Nikacheka, maana nimetoka tu kumwoza mdogo wangu wa mwisho hapa Mtwara mjini, na watu waliingia ukumbini 148. Mmoja bado ameninunia mpaka leo, nitamfikia.

Sisi tulichukua ukumbi mdogo kwa sababu ndio tulioumudu. Msimu wa korosho ukianza, watu wanapata hela za mnada na kila familia inakumbuka kuoza, kwa hiyo kumbi kubwa zinagombewa. Mwenye ukumbi alituambia unaingia watu 200. Nikamuuliza, 200 wamekaaje? Akasema kwa viti vya mstari, kama mkutano. Dada yangu, hilo uliulize kabla hujachapisha kadi. Ukishaweka meza za duara za watu wanane wanane, jukwaa la maharusi, meza ya chakula, muziki, na njia ya wanaokuja kutunza wakicheza, zile 200 zinabaki 150. Tuliomba wapange meza zote siku moja kabla ya kulipa, tukahesabu viti kwa kidole.

Halafu mpishi. Alitupa bei ya shilingi 20,000 kwa sahani, na tukamlipa sahani 150 za wageni pamoja na nyingine kumi za wapiga picha, mshereheshaji, wahudumu na vijana wa muziki. Hao nao wanakula, na ndio wanaosahaulika. Basi chukua kadi 90 ulizogawa. Akiongeza mtu mmoja kila mwenye kadi wa tatu, umepata watu 30 usiowajua, yaani shilingi 600,000 na meza nne ambazo hazina pa kukaa. Mpishi hataongeza ng'ombe saa mbili usiku. Dalili utaiona mwenyewe kwenye foleni ya chakula: nyama inaisha, wali bado umejaa. Na wanaokuta mchuzi mtupu ni meza za mwisho, ambazo kwa desturi yetu ni za kamati na ndugu wa karibu waliochangia kuliko wote.

Kwa hiyo nilichofanya cha kwanza ni kugawa viti kabla ya kugawa kadi. Maharusi na wasimamizi wao, 4. Upande wa bwana harusi, 50. Ukoo wetu, 40. Waliochangia, 50. Vilibaki sita, nikavifanya akiba na sikumwambia mtu, hata mama.

Upande wa bwana harusi walikuwa wanatoka Lindi, na hapo ndipo harusi nyingi zinavunjikia, kwa sababu huwezi kumpigia simu mkwe ukamwambia apunguze watu. Sikupiga. Mzee wetu alimwita mshenga, akampa kadi 50 zenye namba mkononi, akamwambia: "Hizi ni zenu, mgawane kwa mnavyoona, mimi siulizi nani amepata." Wakaja na Kosta na magari madogo. Kama kuna shangazi alinyimwa huko Lindi, alinyimwa na wa kwao. Ukimpa mtu idadi na mamlaka ya kugawa, kukataa kunakuwa kazi yake.

Kwetu kuna jambo lingine. Sisi watu wa kusini, Wamakonde, Wayao, Wamakua, Wamwera, ukoo unahesabiwa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti kwenye ndoa ya mpwa wake. Msichana kama mimi nikimwambia mama mdogo asije na wajukuu, huo ni utovu wa adabu. Mjomba akisema, ni utaratibu. Nilikwenda kwake na orodha ya majina 40, nikamsomea, akaongeza wawili akatoa wawili, basi ikawa orodha yake. Kila ndugu aliyetaka kuongeza mtu nilimjibu kwa unyonge kabisa kwamba orodha iko kwa mjomba. Nusu yao hawakumpigia. Walijua.

Lakini wapo waliopiga kwangu moja kwa moja, na hawa ndio uliowauliza. Mama mdogo mmoja wa Newala alipiga usiku.

"Mwanangu, kadi nimeipata. Nakuja na binti yangu na wanawe wawili."

"Shikamoo mama mdogo. Karibuni sana, tena njooni mapema. Ndoa inafungwa msikitini baada ya adhuhuri, halafu pilau liko nyumbani, wote wanne mtakula. Usiku ukumbini jina lako lina kiti meza ya tatu, umekaa na mama mkubwa. Dada na watoto watabaki nyumbani na bibi, nimeshaweka magodoro na chakula chao cha usiku."

Akanyamaza. Kisha akauliza, "Kwa hiyo hawaingii?"

"Hawaingii ukumbini mama, viti vimeisha. Nyumbani ni kwao."

Akasema, "Haya." Akaja nao, watoto wakala pilau mpaka wakalala uani.

Angalia nilivyofanya pale. Sikumwambia hela hazitoshi, maana ukitaja hela mtu anajibu "nitamlipia wangu", na sahani unaweza kuilipia, kiti cha ziada ukakiweka wapi? Sikusema "ngoja niangalie", kwa sababu kwetu hiyo ni ndiyo, mtu anakwenda kushona sare kesho yake. Nilitaja namba ya meza yake na atakayekaa naye, akaona amewekwa, hajahesabiwa tu. Na nilimpa pa kuwaweka wale wengine, pa kweli, penye godoro na sufuria.

Hili la mchana na usiku ndilo lililotuokoa. Chakula cha nyumbani chini ya turubai hakina kadi. Sufuria la pilau linavumilia: kilo moja ya mchele inashibisha watu sita au saba, jirani akija na watoto watano unapunguza kijiko, hakuna anayehesabu. Tulipika kilo 40, mtaa mzima ukala, na majirani waliofikiri wametengwa na ukumbi wakatuombea dua. Ukiwa na ukumbi mdogo halafu ukafuta na chakula cha nyumbani ili ubane matumizi, umejinyima mlango wa kuwatolea watu. Nasema hivi kwa sababu naona vijana wengi siku hizi wanataka ukumbi tu, picha nzuri, na nyumbani pamefungwa kufuli. Kisha wanalalamika ndugu wamenuna.

Sasa waliochangia. Hapa kuna ugumu, maana mtu ametoa na anaona amenunua. Sisi kwenye kadi ya mchango yenyewe tuliandika tangu mwanzo: shilingi 50,000 ni kadi ya mtu mmoja, 100,000 ni ya wawili, na jina la mwaliko likaandikwa hivyo hivyo. Watu wanaita singo na dabo, wanaelewa, mradi wameambiwa kabla hawajatoa. Ukiwaambia baada ya kutoa, utaitwa tapeli.

Rafiki yangu wa kazini, tumekula sahani moja miaka mingi, alitoa 50,000 akanitumia meseji kwamba atakuja na mchumba wake. Nilimwandikia hivi, na unaweza kuinakili:

"Asante sana kwa mchango wako, mdogo wangu ameuona na amefurahi. Kadi yako ni ya mtu mmoja na kiti chako kipo meza ya kumi na moja, pamoja na wenzetu wa ofisini. Ukumbi umeshajaa, sitaweza kuongeza mtu. Mlete shemeji mchana nyumbani tumfahamu, mle pilau."

Alisoma. Hakujibu. Akajitoa kwenye grupu la wasapu la harusi, na siku yenyewe hakuja, meza ya kumi na moja ikabaki na kiti kitupu kilichofunikwa kitambaa cheupe na utepe wa zambarau. Mpaka sasa tukikutana kazini ananisalimia kama karani wa dirishani. Imeniuma, sitaki kuwadanganya. Lakini niliwahi kuulizwa kama ningerudia ningemruhusu amlete, na nimesema hapana, kwa sababu wafanyakazi wenzetu wanane waliotoa vile vile walikuja peke yao. Ningewaambia nini wale wanane? Watu tunasahau kwamba kumhurumia mmoja aliyelalamika ni kuwadhulumu waliokaa kimya. Mwenye kelele apate viti viwili, mwenye adabu apate kimoja? Tumelelewa hivyo kweli?

Baadhi ya vile viti sita vya akiba vilikwenda hivi. Bibi mmoja asiyeona vizuri alikuja na mjukuu wa kumshika mkono, na huyo humwambii abaki nje. Mama mwenye mtoto wa kunyonya hahitaji kiti cha ziada, ila alihitaji nafasi, tukampa meza ya pembeni mbali na spika. Wawili ni wazee waliofika kutoka vijijini bila kadi, mjomba akawajua kwa sura. Ukipima anayestahili akiba, uliza swali moja tu: huyu bila mwenzake anaweza kuja? Kijana mwenye mchumba anaweza.

Mlangoni usimweke ndugu mpole. Tuliweka watu wawili, mama mmoja wa kamati anayejua sura za ukoo na kijana wa kampuni ya kadi aliyekuwa anasoma msimbo wa QR kwa simu. Zile kadi za simu mtu huzituma kwa wenzake, kadi moja ikafika kwa watu watatu, ila ikishasomwa mara moja, ya pili inaonyesha imeshatumika. Hapo maneno yakazuka, na yule mama alikuwa hagombani. Alimshika mgeni mkono, akamtoa pembeni ya mlango ambako watu hawasikii, akamwambia, "Mwanangu, kadi hii mwenzio ameshaingia nayo. Pikipiki hii hapa nimekulipia, nenda nyumbani kuna chakula na watu wamekaa." Tulitenga shilingi 30,000 za pikipiki na zilitosha. Asiaibishwe mtu mbele ya foleni. Akishaaibika mbele za watu hawezi tena kurudi nyuma, atalazimisha kuingia.

Kwa hiyo dada wa Masasi, kwa viti vyako 120, toa vitano vya akiba kwanza. Halafu kabla ya kumjibu mtu yeyote, peleka orodha kwa mjomba wako, na muulize mama kama nyumbani kuna sufuria kubwa au mtaazima.