Etha ya vinili haijageuka yote baada ya saa 24: pima joto la chupa kwanza

Swali: "Wakuu, niko Nairobi, nafanya mradi wa uzamili. Nimechukua etha ya vinili ya okt-1-en-3-oli, nikaiweka kwenye zailini chini ya naitrojeni na kuirifluksi saa 24 ili igeuke aldehaidi kwa mpangilio upya wa Claisen, kama makala inavyoelekeza. NMR inaonyesha karibu robo ya etha bado ipo, lakini mashine ya GC inaniambia imebaki kidogo sana. Nani mwongo? Na msimamizi ananiuliza kwa nini natarajia E na si Z, nikasema 'kiti' nikakwama hapo."

Ndugu, haya yalinipata mwaka wangu wa pili wa uzamili, kwenye maabara moja ya hapa hapa mjini, na yalinila karibu wiki mbili. Nilibadilisha zailini, nikakausha vyombo upya, nikalaumu kopo la pombe alili. Kosa halikuwa kwenye kopo. Lilikuwa kwenye mlima tunaoishi.

Ulizia mama yeyote aliyehamia Nairobi kutoka Mombasa, atakwambia maharage ya huku hayataki kuiva. Tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la pwani, na maji yanachemka kwenye 94 hivi. Zailini nayo ni vivyo hivyo. Vitabu vinaipa nyuzi 138 hadi 144 kutegemea mchanganyiko, lakini huku kwetu inachemka karibu nyuzi 8 chini yake. Mimi nilipotumbukiza themometa ndani ya kimiminika chenyewe, si kwenye beseni la mafuta, nilisoma 131. Beseni lilikuwa 170, maana nilidhani nikiongeza moto nitaharakisha kazi. Kimiminika kinachochemka hakipandi joto kwa kuongezewa moto. Kinachemka kwa fujo zaidi tu na kumaliza maji ya kondensa.

Nyuzi nane zinaonekana ndogo. Tufanye hesabu. Kwa etha mama, yaani etha ya alili na vinili isiyo na mkia wowote, kasi ilipimwa zamani katika hali ya gesi, na fomula yake ni hii:

```
k = 5.0e11 * exp(-30600 / (1.987 * T))   # kwa sekunde, T ni kelvini
```

Weka nyuzi 139 (T = 412): nusu ya mzigo inageuka kwa saa 6.6 hivi. Weka 131 (T = 404): nusu inahitaji karibu saa 14. Kwa hiyo saa 24 za mwandishi wa makala, aliyekuwa karibu na usawa wa bahari, zilimpa takriban asilimia 92. Saa 24 hizo hizo zinampa mtu wa Nairobi asilimia 70. Mkia wa kaboni tano ulio nao unaharakisha kidogo, ndiyo maana wewe umebakiwa na robo badala ya theluthi. Chupa yako ilifanya kazi sawasawa na joto uliloipa.

Sasa GC. Hapo ndipo nilipodanganywa mimi, maana nilisimamisha majaribio mapema mara mbili nikiamini yamekwisha. Mlango wa kuingizia sampuli kwenye mashine nyingi umewekwa nyuzi 250. Rudi kwenye fomula, weka T = 523: nusu inageuka kwa sekunde 8 au 9. Ukiingiza sampuli bila kuigawa, mvuke unakaa ndani ya kile kibomba cha kioo nusu dakika au zaidi kabla haujasukumwa wote kwenye safu. Maana yake mashine yenyewe inakumalizia mmenyuko, kisha inakupongeza. Uzito nao hautakusaidia kujua, kwa sababu etha na aldehaidi ni isoma: zote C10H18O, zote 154. Shusha mlango hadi 180 au chini ya hapo na ugawe sampuli, au afadhali uache GC kabisa kwa kazi hii na kuamini NMR.

Kwenye NMR ya hidrojeni tazama sehemu mbili tu. Ile hidrojeni ya vinili iliyo kwenye kaboni inayoshika oksijeni inakaa karibu 6.3, imegawanyika mara nne, na mgawanyo mkubwa wake ni kama 14 Hz. Aldehaidi inakaa karibu 9.76. Moja ikishuka nyingine inapanda, na uwiano wake ndio jibu lako. Kama foleni ya NMR ni ndefu, infraredi inatosha kwa usimamizi wa siku hadi siku: vilele vya etha ya vinili kati ya 1610 na 1640 vinafifia, cha kabonili karibu 1725 kinakua.

Tuje kwenye kiti, maana msimamizi hatakuacha. Andika molekuli yako na uhesabu atomi sita:

```
CH2=CH-O-CH(C5H11)-CH=CH2
 1   2  3  4        5   6
```

Oksijeni ni namba 3. Bondi ya 3 na 4 inakatika, bondi ya 1 na 6 inajengwa, na bondi mbili maradufu zinahama, yote kwa pigo moja ndani ya molekuli hiyo hiyo. Hakuna ioni inayotangatanga. Matokeo:

```
O=CH-CH2-CH2-CH=CH-C5H11    (deka-4-enali)
```

Ili kaboni 1 na 6 zikutane, molekuli lazima ijikunje. Kuna vipande viwili vya atomi tatu tatu: 1-2-3 upande mmoja, 4-5-6 upande mwingine, vimelaliana sambamba kama viganja viwili vinavyokaribia kugusana. Swali ni atomi za katikati, 2 na 5, zimeelekea wapi. Zikielekea pande zinazopingana, una kiti. Zikielekea upande mmoja, zikakaa juu ya mwenzake, una mashua, na mawingu ya elektroni yanasukumana. Kiti kina nafuu. Kundi la Hans Schmid kule Zurich lililithibitisha hili mwaka 1968 kwa kutumia etha nne za krotili na propenili zilizotofautiana kwa E na Z peke yake. E,E na Z,Z zilitoa jozi moja ya diastereoma, E,Z na Z,E zikatoa ile nyingine, kwa takriban 95 kwa 5, sawasawa na kiti kinavyotabiri. Kama ingekuwa mashua, majina yangebadilishana.

Kwako wewe, kiti kinaamua jambo moja: mkia wa C5H11 kwenye kaboni 4 unakaa wapi. Ukikaa pembeni, kwenye ukingo wa kiti, hakuna anayemgusa. Ukisimama wima, unagongana na kilicho upande huo huo kwenye kaboni 2 na 6. Sasa fuata bondi mpya ya 4 na 5 inavyoundwa: mkia uliokaa pembeni unaishia upande wa pili wa kaboni 6, hiyo ni E, uliosimama unaishia upande mmoja nayo, hiyo ni Z. Tofauti ya gharama ikiwa kama kilokalori 2, kwenye 131 utapata E kwa zaidi ya 9 kati ya 10. Chora viti vyote viwili ubaoni mbele ya msimamizi, usimweleze kwa maneno.

Usijaribu kuthibitisha E kwa mgawanyo wa hidrojeni za bondi maradufu. Zote mbili ziko karibu 5.4, zimelaliana, hutasoma kitu. Infraredi ina kilele safi karibu 970 kwa E. Kwenye NMR ya kaboni, tafuta kaboni 6 ya aldehaidi, ile ya kwanza ya mkia: kwa E iko 32 hivi, kwa Z inashuka hadi 27. Kile kilele kidogo cha 27 ndicho Z yako, kitakuwepo, usikikimbilie na safu nyingine ya silika.

Na silika nayo ina kesi ya kujibu. Etha ya vinili haipendi asidi. Mimi niliisafisha kwenye silika tupu, harufu kali ya asetaldehaidi ikajaa chumbani, na pombe niliyoanza nayo ikarudi kuniamkia. Asidi kidogo na unyevu vinatosha kuivunja. Tia trietilamini asilimia 1 kwenye kiyeyusho, osha vyombo kwa besi, na tone la trietilamini kwenye chupa ya kuchemshia halidhuru. Nasema tone: besi nyingi kwenye joto zitaanza kuunganisha aldehaidi zenyewe kwa zenyewe, na utaona mafuta mazito ya rangi ya chai.

Kwa mzigo uliobaki, mimi ningefanya hivi. Gramu 1.5 za etha, ambazo ni kama milimoli 10, kwenye mililita 20 za zailini kavu ndani ya tyubu nene ya kioo inayofungwa kwa skrubu, iliyojazwa isipite nusu. Pitisha naitrojeni, funga, weka kwenye beseni la 160 nyuma ya kinga, ndani ya kabati la moshi. Kwenye tyubu iliyofungwa mlima hauna habari na wewe. Nusu inageuka kwa saa 1 na dakika 5 hivi, kwa hiyo saa 6 zinakupa asilimia 98. Acha ipoe kabisa kabla ya kufungua. Kama huna tyubu, mesitilini inachemka huku kwenye 155 hivi na itafanya kazi kwa rifluksi ya kawaida, ila kuiondoa baadaye kunahitaji subira na pampu nzuri. Toluini usiiguse: kwenye nyuzi 103 za Nairobi nusu inahitaji zaidi ya wiki moja.

Aldehaidi ukiipata, ihifadhi chini ya naitrojeni kwenye friji. Yangu niliiacha mezani Ijumaa, Jumatatu nusu ilikuwa asidi.

Jambo la mwisho, kama ulitengeneza etha yako kwa asetati ya zebaki na etili vinili etha, kama wengi tulivyofanya: ile etili vinili etha inachemka huku kwenye 28 hivi, mchana wa Februari inatoroka kwenye kondensa ya maji ya bomba, na mabaki ya zebaki yanataka chupa yake ya taka. Kama mradi wako unaruhusu esta badala ya aldehaidi, njia ya Johnson ya 1970 inakuepusha na zebaki kabisa: pombe ile ile, trietili othoasetati ya ziada, asidi ya propioniki kidogo, na unakeneka ethanoli inavyotoka. Hapo kaboni 2 inabeba kundi la etoksi badala ya hidrojeni, mkia uliosimama wima unagongana na kitu kikubwa zaidi, na E inapanda. Ila othoasetati nayo hapa haifiki 142 ya kitabuni, kwa hiyo themometa ndani ya chupa, tafadhali.