Buluu ya mchana na wekundu wa machweo ndani ya chombo kimoja cha maji

Ukitaka kumweleza mtu kwa nini anga ni la buluu mchana na jua huwa jekundu linapozama, mwonyeshe kwanza, maelezo yafuate. Tafuta chombo cha kioo chenye pande bapa, urefu wa sentimita 30 hivi, ukijaze lita 4 za maji safi. Vingine ni tochi, karatasi nyeupe na maziwa yasiyo na mafuta.

Hilo la mafuta usilipuuze. Matone ya mafuta ni makubwa mno kwa kazi hii: hutawanya rangi zote karibu sawasawa, na matokeo yake ni weupe mtupu. Chembe za protini za maziwa ni ndogo zaidi, nyingi zina kipenyo cha nanomita mia na ushei. Hizo ndizo tunazozitaka.

Ziba uso wa tochi kwa kadibodi yenye tundu la sentimita 1, kisha ielekeze kwenye upande mfupi wa chombo ili mwanga upite ndani kwa urefu wake wote. Karatasi isimame upande wa pili. Zima taa za chumba. Tia nusu kijiko cha chai cha maziwa, koroga, subiri maji yatulie, halafu tazama kwa ubavuni. Mwanga uliokuwa hauonekani vizuri ndani ya maji sasa umejichora, na karibu na tochi una ubuluu hafifu. Endelea kuongeza matone machache kwa wakati mmoja. Duara la mwanga kwenye karatasi litaanza kuwa la manjano, kisha la rangi ya chungwa.

Mwanga mweupe ni mchanganyiko wa rangi, na kila rangi ina urefu wake wa wimbi. Mwaka 1871 mwanafizikia Mwingereza Rayleigh alionyesha kwamba chembe ndogo sana kuliko wimbi la mwanga hutawanya mawimbi mafupi kwa nguvu kubwa zaidi, na tofauti hiyo hupanda kwa kipeo cha nne. Chukua buluu ya nanomita 450 na nyekundu ya nanomita 650. Gawanya 650 kwa 450, upandishe jibu kwa kipeo cha nne: utapata kama 4.4. Buluu inatawanywa zaidi ya mara nne ya nyekundu. Angani watawanyaji ni molekuli zenyewe za hewa, hasa naitrojeni na oksijeni, wala si vumbi, na si bahari inayojiakisi juu kama wengi wanavyoamini.

Sasa tuhesabu machweo, kwa hewa safi tupu. Jua likiwa utosini, kama asilimia 80 ya ile buluu hufika chini bila kutawanywa, na nyekundu kama asilimia 95. Jua likigusa upeo wa macho, mwanga wake hupita kwenye hewa nyingi mara 38 hivi kuliko utosini. Hasara hiyo hujirudia kwa kila kipimo cha hewa, kwa hiyo nyekundu hubaki kama asilimia 15, ilhali buluu hubaki sehemu 2 tu katika 10,000. Buluu haikupotea, imetawanyika njiani, na sehemu yake ndiyo anga la mchana la watu walioko upande ambako jua bado liko juu.

Ukiona chombo chako kimekuwa cheupe chote na karatasi haipati mwanga wa maana, maziwa yamezidi. Kila miale inatawanywa mara nyingi kabla ya kutoka, na rangi zinachanganyika upya. Mawingu nayo ni meupe, ingawa kwao sababu kubwa ni ukubwa wa matone ya maji. Dawa ni kumwaga nusu ya maji na kujaza mengine safi. Rangi ya chungwa ikigoma kutokea, angalia tochi: balbu nyingi za LED zina nyekundu kidogo. Balbu ya waya hutoa machweo mazuri zaidi, ila buluu ya ubavuni itafifia.

Usitarajie buluu kali kama ya anga. Chembe za maziwa si ndogo kama molekuli, hivyo hazifuati kanuni ya Rayleigh kikamilifu.

Mtu makini atauliza: urujuani una wimbi fupi kuliko buluu, mbona anga si la urujuani? Kwa sababu jua hutoa urujuani kidogo kuliko buluu, na jicho letu ni zito kuuona. Lipo pia swali gumu zaidi ambalo chombo hiki hakiwezi kulijibu: jua likishazama, mbona utosini bado pana buluu? Mtawanyiko peke yake ungepaacha pamefifia kuelekea manjano. Hapo inayofanya kazi kubwa ni ozoni ya juu, ambayo hunyonya rangi ya chungwa na sehemu ya nyekundu katika mwanga unaopita kimshazari.