Pesa imekatwa kwenye simu, kadi ya basi haina kitu: USILIPE TENA

"Wakuu, nimeweka elfu kumi kwenye kadi kwa simu leo asubuhi, ujumbe wa makato umekuja ila getini salio ni lile lile. Nataka nijaribu kulipa tena, au nirudishe muamala?"

Weka simu mfukoni. Nimesoma "nataka nijaribu kulipa tena" nikahisi jasho lile lile la Ubungo, Jumatatu, saa kumi na mbili na robo asubuhi, foleni nyuma yangu inanisukuma kama gunia la mahindi.

Kadi yangu ilikuwa na shilingi 200. Nikalipa elfu kumi nikiwa kwenye mstari, ujumbe wa makato ukaingia, nikagusisha kadi, geti likakataa. Pembeni kuna wakala wa miamala chini ya mwamvuli, kijana mwenye sauti ya mtu anayejua kila kitu. Akaniambia, "Kaka, lipa tena, ya pili inaisukuma ya kwanza." Inaisukuma! Kama daladala limezimika! Na mimi mtu mzima, mwenye cheti ukutani, nikaamini. Hadi leo nikipita pale naangalia upande mwingine, yeye ananisalimia vizuri tu.

Ya pili nayo kimya. Nikasema sasa ya tatu. Hapo menyu ikakatika katikati, nikaanza upya, na safari hii namba ya kadi nikaiandika kwa kichwa, huku mama mmoja ananiuliza kama nimepanga chumba pale getini. Makato yakaja. Salio la simu likaisha, geti bado linanikataa, nikapanda boda kwenda Posta kwa pesa ya chakula cha mchana.

Saa moja jioni nagusisha kadi: 20,200. Yaani ya kwanza na ya pili zote zilikuwa njiani, zimefika zenyewe bila kusukumwa na mtu. Ile ya tatu haipo. Nikaenda dirishani, dada akaniambia, "Nisomee namba ya kadi kwenye ujumbe wa tatu, taratibu." Nikasoma: mwisho 0741. Kadi yangu inaishia 0714. Elfu kumi yangu iliingia kwenye kadi ya mtu mwingine kabisa, na mfumo haukuona kosa kwa sababu namba ile ni ya kadi halali. Nilijaza fomu. Mpaka fomu inafanyiwa kazi, mwenzangu alishapanda nazo. Natumaini alikuwa mama mwenye watoto wengi, angalau nihesabu kama sadaka.

Unachotakiwa kuelewa ni kwamba ujumbe wa makato unasema pesa imetoka kwako, basi. Bado inatakiwa ipokelewe na mfumo wa kadi, halafu kadi yenyewe au mashine ya geti ipate taarifa. Kwa hiyo fungua ule ujumbe sasa hivi, linganisha namba ya kadi iliyoandikwa humo na iliyochapwa kwenye kadi, tarakimu moja moja, kwa kidole. Zikilingana, nenda dirishani, mwambie mhudumu aangalie salio lako kwenye mfumo, asiangalie getini tu. Kama kwenye mfumo lipo, tatizo ni kadi kutosomeka upya na wao ndio wenye mashine ya kuimalizia. Kama kwenye mfumo halipo, pesa imekwama kati ya kampuni ya simu na wenye kadi. Hapo unampigia mtu wa kampuni ya simu na kumpa ile namba ya muamala, yenye herufi na tarakimu zilizochanganyika. Usifute ujumbe hata kama simu imejaa.

Kurudisha muamala usikimbilie. Malipo ya namna hii si kama umemtumia shemeji kimakosa. Pesa imeenda kwa kampuni, nao lazima wathibitishe kwanza kwamba hawajaiingiza kwenye kadi. Ukiomba irudishwe huku ipo njiani, umeongeza fundo juu ya fundo.

Leo lipa nauli kwa pesa mkononi kama wanapokea, la sivyo panda daladala, utukane kimoyomoyo, ufike kazini. Jioni gusisha tena. Na siku ukilipia, namba ya kadi ihifadhi kwenye simu uinakili. Usiiandike kwa kichwa ukiwa kwenye foleni, kichwa chenyewe saa kumi na mbili asubuhi hakijaamka.