Tovuti imehama, barua pepe zimekatika: rekodi za kurudisha kwenye DNS

Swali: Salaam. Tuna duka la vifaa vya ujenzi hapa Mombasa, kikoa chetu ni cha .co.ke. Wiki iliyopita tulihamisha tovuti kwenda kampuni nyingine. Fundi alisema tubadilishe seva za majina, tukabadilisha, na tovuti inafunguka vizuri. Lakini barua pepe za wateja haziingii, wanasema zinawarudia. Ajabu ni kwamba sisi kwa sisi ofisini tukitumiana zinafika. Tunazotuma nje zinaangukia Spam. Barua pepe tunalipia Google na hatukuihamisha. Kikoa kilisajiliwa na fundi wa zamani. Tufanye nini? Na je, tununue .com pia?

Jibu: Salaam. Makasha yenu ya barua yako salama kule Google pamoja na barua zote za zamani. Kilichopotea ni maelekezo. Mlipobadilisha seva za majina hamkuhamisha tovuti peke yake, mlihamisha daftari zima la kikoa, yaani DNS: ukurasa unaosema tovuti iko wapi, unaosema barua zipelekwe wapi, na unaosema ni nani anaruhusiwa kutuma barua kwa jina lenu. Kampuni mpya ilifungua daftari jipya, ikaandika anwani ya seva yake, na kwa kuwa haikujua kwamba mnatumia Google, ikajiandika yenyewe kuwa ndiyo mpokeaji wa barua.

Hilo la kutumiana ninyi kwa ninyi ndilo linaloonyesha wazi tatizo liko wapi. Google ikiona mtumaji na mpokeaji wako kwenye akaunti moja haina haja ya kuuliza DNS, inaikabidhi barua humo humo ndani. Mteja wa nje akiandika, seva yake inauliza DNS, inaelekezwa kwa kampuni mpya, inafika huko na kujibiwa kwamba hakuna mtumiaji wa jina hilo. Jibu hilo huanza na namba 550, na mteja wenu ataiona ndani ya ujumbe uliomrudia.

Hakikisheni wenyewe kabla ya kugusa chochote. Kwenye kompyuta ya Windows fungueni Command Prompt na muandike haya, mkiweka kikoa chenu badala ya jinalako.co.ke:

```
nslookup -type=NS jinalako.co.ke
nslookup -type=MX jinalako.co.ke
```

Amri ya kwanza inataja seva zinazoshika daftari sasa. Ya pili inataja seva inayopokea barua. Kama ya pili inaleta jina la kikoa chenu wenyewe au la kampuni mpya, na haitaji Google popote, ugonjwa umethibitika.

Sasa kuna kazi ya kufanya haraka. Seva za zamani kwa kawaida huendelea kushika daftari la zamani hadi akaunti ile ifungwe, na mnaweza kuziuliza moja kwa moja kwa kuongeza jina la seva mwishoni mwa amri:

```
nslookup -type=MX jinalako.co.ke ns1.seva-ya-zamani.com
nslookup -type=TXT jinalako.co.ke ns1.seva-ya-zamani.com
```

Nakilini kila mnachopata. Kama bado mnaingia kwenye paneli ya kampuni ya zamani, ni bora zaidi: pigeni picha ya ukurasa wote wa DNS. Msiwaambie wafunge akaunti kabla ya hapo.

Wengine huona njia ya mkato ni kurudisha seva za majina za zamani. Siishauri. Mabadiliko ya seva za majina yanaweza kuchukua saa nyingi, hata siku nzima au zaidi, kuenea kote, na bado akaunti ile itafungwa baadaye. Rekebisheni daftari jipya. Ingieni kwenye paneli ya kampuni mpya, sehemu inayoitwa Zone Editor au DNS, mfute rekodi ya MX waliyoiweka wao, kisha muandike hizi:

```
@                  MX   1  smtp.google.com.
@                  TXT  "v=spf1 include:_spf.google.com ~all"
google._domainkey  TXT  "v=DKIM1; k=rsa; p=..."
_dmarc             TXT  "v=DMARC1; p=none; rua=mailto:info@jinalako.co.ke"
```

Mstari wa kwanza ndio unaorudisha barua zinazoingia. Huenda daftari la zamani lina mistari mitano inayoanza na ASPMX.L.GOOGLE.COM; hiyo ndiyo namna ya zamani ya Google na bado inafanya kazi, kwa hiyo mnaweza kuichukua ilivyo. Angalieni nukta ile ya mwisho baada ya .com. Kuna paneli ambazo nukta isipokuwepo huongeza kikoa chenu mwishoni mwake, na MX inakuwa smtp.google.com.jinalako.co.ke, jina ambalo halipo duniani. Mkishahifadhi, rudieni ile amri ya MX msome jibu herufi kwa herufi.

Mistari mitatu inayobaki ndiyo inayotibu Spam. SPF inataja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lenu. Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi ni kuwa na rekodi mbili za SPF: kampuni ya tovuti imeweka yake, nanyi mnaongeza ya Google chini yake. Kanuni inaruhusu moja tu kwa kikoa. Zikiwa mbili, mpokeaji hachagui iliyo sahihi, anahesabu zote kuwa ni makosa. Kwa hiyo futeni ya kwao. Kama tovuti nayo inatuma barua yenyewe, anwani ya IP ya seva yake inaingia kwenye mstari huo huo mmoja, kabla ya ~all, hivi:

```
"v=spf1 include:_spf.google.com ip4:203.0.113.25 ~all"
```

DKIM ni sahihi inayobandikwa kwenye kila barua inayotoka, na DNS ndiyo inayotoa ufunguo wa kuikagua. Ufunguo wenyewe uko kwenye paneli ya msimamizi wa Google: Apps, Google Workspace, Gmail, kisha Authenticate email. Chukueni hapo, ubandikeni wote bila kukata. Ufunguo wa biti 2048 ni mrefu kuliko herufi 255, ambazo ndizo kikomo cha kipande kimoja cha TXT. Paneli nzuri huugawa yenyewe. Nyingine hukata mkia kimya kimya na sahihi inakataliwa. Mkiona paneli yenu inakataa au inakata, tengenezeni ufunguo wa biti 1024 badala yake. Kisha rudini kwa Google mbonyeze Start authentication, maana bila hapo barua hazitiwi sahihi ile hata kama rekodi haina kosa.

DMARC, mstari unaomwambia mpokeaji afanye nini na barua isiyopita ukaguzi, acheni kwenye p=none kwa wiki kadhaa. Haimzuii mtu yeyote, inawaletea tu taarifa za nani anatuma kwa jina lenu. Mkishajiridhisha kwamba barua zote halali zinapita, badilisheni iwe p=quarantine. Kuanzia Februari 2024 Gmail inataka kila anayetuma barua kwake awe na SPF au DKIM, na wanaotuma 5,000 au zaidi kwa siku wawe na zote mbili pamoja na DMARC. Ninyi hamfiki idadi hiyo, lakini wekeni zote, kwa sababu ankara inayoangukia Spam ni ankara isiyolipwa kwa wakati.

Kabla hamjafunga paneli ya kampuni mpya, kuna jambo moja ambalo hufichika hata baada ya hayo yote kuwa sawa. Kama paneli ni cPanel, fungueni Email Routing mchague Remote Mail Exchanger. Ikibaki Local, seva ya tovuti inaendelea kuamini kwamba barua za info@ ni zake, na mteja akijaza fomu ya mawasiliano kwenye tovuti, ujumbe wake unabaki humo humo ndani ya seva bila kufika Google. Barua za kawaida zitaingia, fomu itaonyesha "imetumwa", nanyi mtadhani wateja wameacha kuijaza. Kagueni na mpangilio wa fomu: sehemu ya From iwe anwani ya kikoa chenu, ya mteja iende kwenye Reply-To. Fomu inayojifanya kutuma kutoka Gmail ya mteja haipiti ukaguzi.

Vilevile tazameni kama kuna barua zilizokwama hapo wiki hii. Seva nyingine zimepangwa kupokea kila kitu na kukiweka kwenye kasha kuu la akaunti badala ya kurudisha, na kasha hilo linafunguka kwa Webmail ya cPanel. Zile zilizojibiwa 550 hazirudi tena. Seva ya mtumaji haijaribu mara ya pili. Wapigieni wateja mnaowatarajia watume upya.

Kupima matokeo, subirini muda ulioandikwa kwenye TTL ya rekodi, yaani sekunde ambazo seva nyingine hukumbuka jibu la zamani: 3600 ni saa moja na 14400 ni saa nne. Kisha tumeni barua kutoka info@ kwenda Gmail ya mtu binafsi, aifungue kwenye kompyuta, abonyeze nukta tatu na Show original. Juu kabisa kunatakiwa kuwa na SPF, DKIM na DMARC, kila moja ikiwa na neno PASS. Neno lolote jingine linawaambia ni mstari upi wa kurudia.

Sasa suala la fundi wa zamani, ambalo kwangu ni zito kuliko hitilafu yenyewe. KeNIC ndiyo inayosimamia .ke, lakini kikoa hununuliwa na kulipiwa kupitia msajili, na anayeshika akaunti kwa msajili ndiye anayeweza kubadilisha seva za majina. Akisahau kulipia mwaka ujao, tovuti na barua pepe zote zinazimika pamoja. Akaunti yake ikiibwa, mwizi anaelekeza barua zenu kwake na kuomba nenosiri jipya kwa kila huduma mliyojisajili kwa info@. Muombeni afanye mambo mawili: abadilishe mmiliki aandikwe kwa jina la kampuni yenu, na akihamishie kikoa kwenye akaunti mtakayoifungua wenyewe kwa msajili. Anwani ya mawasiliano kwenye akaunti hiyo isiwe ya kikoa hicho hicho, kwa sababu siku kikoa kikizimika hata onyo la msajili halitawafikia. Akikataa, andikieni msajili barua rasmi mkiambatanisha cheti cha usajili wa kampuni au biashara.

Kuhusu .com, wateja wenu wako Kenya na .co.ke inawatosha. Msihamishe anwani za barua kwenda .com. Inunueni tu ikiwa jina lile lile bila kistari lipo huru, muielekeze kwenye tovuti iliyopo, na muiwekee rekodi moja ya kuwafungia njia wanaotaka kutuma barua za uongo kwa jina hilo:

```
@   TXT   "v=spf1 -all"
```

Jina likiwa limeshachukuliwa, msinunue lenye kistari au namba badala yake. Mteja anayeandikishwa anwani kwa simu atakosea, na barua yake itakwenda kwa mwenye jina lile lisilo na kistari.