Shajara za darasa la pili: usiongeze maneno ukutani

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha darasa la pili, watoto wa miaka 7. Nimewafundisha kuandika shajara ya siku moja wakitumia maneno ya wakati na ya hisia. Ukutani nimebandika orodha: kwanza, kisha, halafu, baadaye, mwishowe, nilifurahi, nilihuzunika, niliogopa. Karibu wote wameniletea kitu kimoja: "Kwanza niliamka. Kisha nikapiga mswaki. Halafu nikanywa chai. Mwishowe nikalala. Nilifurahi sana." Mwenzangu anasema orodha ni fupi, niongeze maneno. Niongeze mangapi?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Usiongeze hata moja. Bandua na hayo yaliyopo, angalau mpaka watoto wamalize shajara yao ya kwanza ya kweli.

Ushauri wa "ongeza maneno" naukuta kila shule ninayokwenda kukagua mazoezi ya kufundisha, na unanichosha, kwa sababu unadhani mtoto amepungukiwa na maneno. Msikilize mtoto huyohuyo wakati wa mapumziko akisimulia ugomvi: "Alinisukuma, nikaanguka, nikamwambia dada yake." Mpangilio umekaa sawasawa na hakuna "kisha" wala "halafu". Kazi hiyo imefanywa na -ka-. Ukimtaka aweke "kisha" mbele ya kila -ka-, unamfundisha kusema jambo moja mara mbili, ndiyo maana shajara zako zinasomeka kama ratiba ya bweni.

Neno la wakati linahitajika pale muda unaporuka. Mtoto ametoka shule mchana, na jambo analotaka kulieleza lilitokea jioni. Asiposema "jioni", msomaji anapotea. Hapo ndipo umsimamishe na kumuuliza, "Hii ilikuwa lini? Kabla ya kula au baada ya kula?" Jibu atakalokupa ndilo neno lake la wakati, na atajua kwa nini ameliandika.

Kosa la pili limo kwenye maelekezo yenyewe. Watoto wakisikia "siku moja" wanaelewa siku nzima, tangu kuamka hadi kulala. Siku nzima ya mtoto wa miaka 7 imejaa mambo yanayofanana na ya jirani yake: mswaki, chai, shule, kulala. Mwambie achague jambo moja tu la siku hiyo ambalo angemsimulia rafiki. Tena iwe siku ya jana. Vipindi vya kuandika mara nyingi huwa asubuhi, na shajara ya leo saa mbili asubuhi haina kitu zaidi ya mswaki na chai.

Nikupe mfano. Mtoto mmoja wa darasa la pili alikuwa ameandika mistari mitano kama hiyo ya kwako, ikaishia na "nilifurahi sana". Nilikaa naye dawatini nikamuuliza jana kulikuwa na jambo gani baya. Akasema alitumwa mashine kusaga mahindi, umeme ukakatika. Sikumpa kalamu kwanza. Nilimkunjia karatasi iwe na vyumba vitatu, akachora: yeye na ndoo mlangoni mwa mashine, mti mkubwa gizani, mtu mwenye tochi. Kisha nikamwomba anisimulie kila picha kwa mdomo, ndipo akaandika:

"Jioni mama alinituma mashine. Umeme ukakatika. Nikasubiri mpaka giza likaingia. Niliogopa kupita kwenye mwembe, moyo ulinienda mbio. Kaka akaja na tochi. Nilipomwona nikacheka."

Hesabu maneno ya wakati humo. Kuna "jioni", kuna "mpaka giza likaingia", na kuna -po- ya "nilipomwona", ambayo haitaonekana kwenye orodha yoyote ya ukutani lakini ni alama kamili ya wakati. Hakuna "kwanza" wala "mwishowe", wala huhisi pengo lolote.

Sasa angalia hisia. "Niliogopa" imekaa kando ya kitu kilichomtisha, na mwili umetajwa. "Nilifurahi sana" ya mwisho wa shajara hutokana na mtoto kujua kwamba mwalimu anapenda watoto wenye furaha, basi anakupa unachokitaka. Usimuulize, "Ulijisikiaje?" Atakujibu vizuri, na mtaishia hapo. Muulize, "Moyo ulifanyaje? Mikono je? Ulitaka kukimbia au kubaki?" Kiswahili chetu kina utajiri wa moyo: moyo ulidunda, ulitulia, uliniuma. Watoto wanayasikia hayo nyumbani kila siku, na yanakuja yenyewe wakiulizwa hivyo.

Kwa darasa lako, gawa kazi katika vipindi viwili. Cha kwanza ni cha kuchora vyumba vitatu na kusimuliana wawili wawili, bila kuandika kabisa. Cha pili ni sentensi moja au mbili kwa kila picha. Ukibana vyote katika kipindi kimoja, wale wanaoandika polepole watanakili kwa jirani, nawe utarudi kwenye shajara zilezile.

Wakati wa kusahihisha, chagua kosa la aina moja tu. Kwa umri huu ningeanza na kutenganisha neno, yaani "nili amka" na "nika enda", kwa sababu linavuruga usomaji wa mtoto mwenyewe. Wiki inayofuata nenda kwenye "nikakula". Mwambie aseme kwa sauti "nilikula" halafu "nikala". Sikio litamsaidia kuliko kanuni ya vitenzi vya silabi moja. Daftari lililojaa wino mwekundu humfundisha mtoto kuandika tu maneno ambayo ana hakika nayo, na hayo ni mswaki na chai.

Kinachonikera zaidi ni vile vikaratasi vya "mifano bora ya shajara" vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule na kusambazwa kwenye makundi ya wazazi. Mtoto anakariri kimoja, anabadilisha jina la rafiki, anapata alama zote. Mzazi anaridhika, mkuu wa shule anaridhika, na mtoto hajaandika siku yake hata moja. Nimekuta darasa ambalo watoto kadhaa walikuwa wamekwenda ufukweni Jumapili ileile, katika mkoa usio na bahari. Wazazi mnaowaandikia watoto nyumbani ili kazi ionekane safi mnafanya jambo lilelile kwa mkono wenu. Mwacheni mtoto alete sentensi tatu zilizopinda, lakini zake.

Na kuna la mwisho, ambalo wauza mifano hawaligusi kwa sababu shajara zao hazina kitu ndani. Ukimwomba mtoto aandike kilichomuumiza, siku moja ataandika kweli. Ataandika kwamba alipigwa, au kwamba kuna mtu mzima anayemwogopa. Kwa hiyo usisome shajara ya mtoto mbele ya darasa kabla hujamwomba ruhusa, na usiwape wenzake wasahihishe. Ukikutana na sentensi ya namna hiyo, usiweke alama wala kusahihisha herufi. Zungumza naye faraghani siku hiyohiyo, usimwahidi kwamba utaficha, na umpelekee habari mwalimu wa ushauri na unasihi au mkuu wa shule kabla mtoto hajarudi nyumbani.