Tarehe ya kulipia imeganda kwenye 28

"Nina wateja wa intaneti wanaolipa kila mwezi. Mmoja alianza tarehe 31 Januari 2025. Natumia EDATE ya Excel, lakini kuanzia Februari tarehe yake imeganda kwenye 28. Nakosea wapi?"

Ndugu, EDATE haijakosea. Februari 2025 haina tarehe 31, kwa hiyo inakupa siku ya mwisho iliyopo, yaani 28. Nadhani Machi unaihesabu kutoka kwenye seli ya Februari. Seli hiyo inajua 28 tu, ile 31 imeshasahaulika, na mteja anakatiwa siku tatu kabla ya wakati. Simu ya malalamiko utaipokea wewe.

Hesabu kila mwezi kutoka tarehe ya kuanza. Ikiwa iko B2, andika hii kwenye C2 kisha uivute kwenda chini:

```
=EDATE($B$2,ROWS(C$2:C2))
```

Sasa utapata 28 Februari, 31 Machi, 30 Aprili, 31 Mei. Ukiona namba kama 45716, usishtuke: ni hiyo hiyo 28 Februari, badilisha tu muundo wa seli uwe wa tarehe.

Ila kama mlikubaliana "mwisho wa mwezi", EDATE haifai. Aliyeanza 30 Aprili itampa 30 Mei. Huyo mpe hii, itatoa 31 Mei:

```
=EOMONTH($B$2,ROWS(C$2:C2))
```

Hiyo hiyo ukiiwekea 0 badala ya ROWS(C$2:C2) inakupa mwisho wa mwezi uleule, na ndiyo ninayofungia ripoti zangu.