Fungu la buku: hadithi ya Bi Siti na msimu wa maembe

"Wakuu, binti yangu wa darasa la tano kaniuliza kwa nini mwezi wa kumi buku ilikuwa inanunua maembe mawili na sasa inanunua matano, na maembe ni yaleyale. Nimemjibu 'ni msimu', hajaridhika. Mwenye hadithi ya kumsimulia mtoto naomba."

Ana haki ya kutoridhika. Msimu unaeleza kwa nini maembe yameiva, hauelezi kwa nini mwenye meza akubali kupunguza. Niliuza matunda Buguruni kabla ya kuhamia kwenye nafaka, na hadithi hii huwa nawasimulia watoto wa dada yangu. Mpe karatasi na kalamu kwanza, maana kuna hesabu. Bei nimeziweka za kuhesabika kirahisi, msizishike kama za soko la leo.

Bi Siti alikuwa na meza ya matunda kwenye genge moja la Vingunguti. Mwezi wa kumi, maembe ya kwanza yalipoanza kuingia Buguruni, zilikuja fuso mbili tatu tu kwa usiku, na wachuuzi walizizunguka kabla hazijazima injini. Bi Siti alinunua tenga moja la dodo kwa shilingi 70,000. Ndani mlikuwa na maembe 200. Mkokoteni, ushuru na wa kumpakilia vilimla 6,000 nyingine.

Mezani alitoa kumi yaliyopondeka chini ya tenga, akabaki na 190. Akayapanga mawili mawili, kila fungu buku. Genge zima wenye maembe walikuwa watatu, na watu walikuwa hawajaonja embe tangu mwanzoni mwa mwaka. Akina mama waliokuja kununua nyanya waliondoka na fungu juu ya nyanya. Siku ya tatu meza ilikuwa tupu. Alipata 95,000, akatoa 76,000 alizotumia, mkononi zikabaki 19,000. Akajiambia embe lina bei yake, na bei yenyewe ni mawili kwa buku.

Mwezi wa kumi na mbili shule zikafungwa, na mjukuu wake Tatu akaja kumsaidia. Alfajiri moja Bi Siti alinunua tenga kwa 60,000, akafurahi kuokoa 10,000, akayapanga mawili mawili kama kawaida. Saa nne asubuhi Tatu akamvuta kanga.

"Bibi, yule kaka wa kona anaweka manne."

"Yake mabovu."

Tatu akaenda kuyatazama. Akarudi. "Si mabovu, Bibi. Ni dodo kama haya. Na mama wa mchicha naye ana maembe leo. Na yule wa mitumba ameweka ndoo ya maembe pembeni."

Usiku ule maembe ya Mkuranga na Rufiji yalikuwa yameingia kwa pamoja, fuso zimepanga foleni hadi barabarani, na tenga lililouzwa 60,000 alfajiri lilikuwa limeshuka hadi 30,000 kufikia saa tatu. Bi Siti aliposikia alikunja uso. "Mimi nimenunua kwa elfu sitini. Nikiweka manne kwa buku nitakula wapi?"

Siku ile aliuza mafungu manane tu.

(Hapa msimamishe mtoto. Mwulize yeye angefanyaje, usimwendeshe haraka. Watoto wengi husema angengoja wenzake waishiwe. Ni jibu la maana kwa mtu anayeuza mchele.)

Jioni Tatu alibonyeza embe moja moja. Mengine yalikuwa yameanza kulainika shingoni, karibu na kikonyo, harufu yake imekuwa kali na tamu. Akachukua daftari la shule.

"Bibi, leo tumepata elfu nane. Yamebaki maembe 174. Tukibaki na mawili mawili, kesho tutauza mafungu mangapi?"

"Labda sita."

"Na keshokutwa?"

Bi Siti akatazama yaliyolainika. "Matatu. Baada ya hapo ni ya nzi."

Tatu akaandika: 8,000, 6,000, 3,000. Jumla 17,000. "Tukiweka matano?"

"Nimekwambia nimenunua kwa elfu sitini!"

"Elfu sitini anayo yule wa fuso, Bibi. Tukiuza hairudi, yakioza hairudi. Mimi nauliza haya yaliyopo mezani."

Bi Siti hakujibu. Lakini kesho yake aliamka mapema akapanga matano matano, moja zaidi ya yule wa kona. Mama aliyekuwa akinunua fungu moja sasa alichukua mawili. Watoto waliotumwa chumvi walirudi nyumbani na maembe. Kwa siku mbili yalitoka mafungu 28. Yaliyobaki 34 yalikuwa laini mno kwa kula, na Tatu aliyapeleka kwa mwuza juisi wa stendi, ambaye hana haja na embe gumu wala zuri la kutazama, akampa 3,000 kwa yote.

Wakajumlisha: 8,000 za siku ya kwanza, 28,000 za mafungu, 3,000 za juisi. Ni 39,000. Gharama yote ilikuwa 66,000, kwa hiyo Bi Siti alipoteza 27,000. Angeng'ang'ania mawili kwa buku angepoteza 49,000. Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi katika hadithi hii, kwa sababu sokoni nimeona watu wazima wakilinda bei waliyonunulia hadi mzigo unatiririka maji mezani. Mnunuzi haijui bei uliyonunulia. Anajua meza ngapi zina maembe na ameshakula mangapi jana.

Sasa Tatu alikuwa na swali jingine, na ni swali ambalo binti yako naye ataliuliza. Kama maembe yameshuka bei, kwa nini watu wasinunue mara tano zaidi yote yakaisha?

"Wewe jana umekula mangapi?" Bi Siti akamwuliza.

"Matatu."

"Nikikupa la nne bure?"

Tatu akashika tumbo akacheka. Bei ikishuka watu hununua zaidi, ndiyo, lakini tumbo lina ukomo, na wengine wana mwembe uani. Fuso zimeongezeka mara kumi, matumbo ya Vingunguti ni yaleyale. Kila mchuuzi ana mzigo utakaooza baada ya siku tatu, kwa hiyo kila mmoja anaongeza embe moja kwenye fungu ili mteja asimame kwake. Hakuna aliyekaa kikao cha kupanga bei. Walimu huyaita maembe yanayoletwa kuuzwa ugavi, na yale ambayo watu wako tayari kuyanunua kwa bei fulani wanayaita mahitaji. Mtoto akishamwelewa Bi Siti maneno hayo mawili hayatamsumbua darasani.

Alfajiri iliyofuata Bi Siti alikwenda Buguruni na Tatu. Tenga lilikuwa 30,000. Kabla ya kulipa, safari hii, aliwauliza wachuuzi wenzake wanaweka mangapi kwa buku na fuso ngapi bado ziko njiani. Akahesabu: 30,000 na 6,000 za mkokoteni na mengineyo, 36,000. Maembe 190 kwa fungu la manne ni 47,500. Faida 11,500. Akinunua hapo na kuweka matano atapata 38,000, yaani faida ya 2,000 tu, chai na chapati. Mezani maembe ni rahisi kuliko mwezi wa kumi, lakini mkokoteni haukushuka bei, wala ushuru.

Wakati wanasubiri kupakiliwa, Tatu alimkuta utingo wa fuso ameketi juu ya matenga matupu.

"Shikamoo kaka. Kwa nini matenga mengine hayajajaa?"

"Marahaba. Shambani wameacha kuchuma. Yanaanguka chini, mbuzi wanakula."

"Yameharibika?"

"Mazima kabisa. Lakini sikiliza. Kuchuma, tenga lenyewe, mafuta ya gari, dalali, kupakia na kushusha, kila tenga linakula kama elfu ishirini na tano mpaka lifike hapa. Lilipouzwa sabini, shambani zilirudi arobaini na tano. Leo linauzwa thelathini. Toa ishirini na tano."

"Elfu tano," Tatu akasema. Akatazama juu kidogo, anahesabu. "Bei ya hapa imeshuka zaidi ya nusu kidogo, lakini mwenye shamba amebaki na moja ya tisa."

"Na likishuka hadi ishirini na tano?"

"Hapati kitu."

"Ndiyo maana hachumi."

Hapa ndipo bei inapoacha kuporomoka. Maembe yanabaki mtini, fuso zinapungua, na baada ya siku chache tenga linapanda tena kidogo. Wakulima wenye bahati ni wale ambao miti yao huwahi au huchelewa kuliko ya majirani, maana embe lile lile wiki sita baadaye huuzwa kama la kwanza. Wengine hukausha vipande juani au hutia achari, lakini hiyo inataka mikono, chumvi, vyombo na mnunuzi anayejulikana mapema. Nimeshaona ndoo za achari zimekaa dukani mwaka mzima, kwa hiyo msimwambie mtoto kwamba "wasindike tu" ndiyo dawa ya kila kitu.

Bi Siti yeye alipunguza. Badala ya tenga kila siku ya pili, alichukua nusu tenga akagawana na mama wa mchicha. Meza iliyobaki akaweka mananasi, ambayo wenzake wengi waliyaacha kwa kukimbilia maembe. Maembe mabichi aliyoyapata humo ndani Tatu aliyamenya, akayakata vipande na kuyanyunyizia chumvi na pilipili, akayauza shilingi mia mia kwa watoto wa mpira. Tumbo lililojaa embe bivu lilikuwa bado na nafasi ya bichi.

Kufika mwezi wa tatu fuso za maembe zilikuwa zimerudi kuwa mbili tatu, na mafungu yakawa matatu, kisha mawili.

Mkuu, baada ya kumsimulia, mpeleke binti kwenye genge lilelile Jumamosi hii na nyingine baada ya wiki tatu. Asiulize "bei gani", kwa sababu ataambiwa buku mara zote mbili. Ahesabu maembe ndani ya fungu, na ahesabu meza zenye maembe. Awe mwangalifu asilinganishe dodo na bolibo, wala makubwa na madogo, maana wauzaji wengine hubakiza idadi ileile na kubadilisha ukubwa. Na kama mwuzaji ana nafasi, amwulize kwa heshima tenga amelinunua shilingi ngapi. Wengi watacheka, wengine watamwambia.